Pawa inayopotea kwenye bushi yenye oili: hesabu yangu imelingana na kipimo, lakini naambiwa nimekosea. Kosa liko wapi?

Mkerezaji_Mpya aliandika:

Wakuu, habari za saa hizi. Hii ni siku ya tatu nimekwama, naomba mnifungue macho.

Nina mtambo mdogo wa majaribio niliokereza mwenyewe. Shafti ya chuma yenye kipenyo cha 80 mm inazunguka ndani ya bushi ya bronzi yenye urefu wa 120 mm. Vyote vimesimama wima, kwa hiyo shafti haiiegemei bushi. Shafti inashikwa na beringi zake juu na chini, ila bushi haijafungwa popote: imening'inizwa, na kinachoizuia isizunguke ni mkono wa chuma wa 200 mm unaokandamiza mizani ya dijitali. Mizani ikisoma uzito, nauzidisha na urefu wa mkono, napata torki ambayo oili inaipeleka kwenye bushi. Oili ni VG 68, pampu ndogo inaisukuma kupitia tundu lililo katikati ya bushi, inatokea juu na chini.

Nilipima kwa maikromita na geji ya ndani: tundu la bushi ni 80.16 mm, shafti ni 80.00 mm. Kasi ni mizunguko 1500 kwa dakika. Mnato wa oili nimeuchukua kwenye karatasi ya mtengenezaji, kwa nyuzi 40, nikapata paskali-sekunde 0.059. Hesabu yangu hii hapa:

```
omega = 1500 × 2π / 60  = 157.1 rad/s
U     = 157.1 × 0.040   = 6.28 m/s
mkazo = 0.059 × 6.28 / 0.00016 = 2317 Pa
eneo  = π × 0.080 × 0.120 = 0.0302 m²
kani  = 2317 × 0.0302   = 69.9 N
T     = 69.9 × 0.040    = 2.80 N·m
P     = 2.80 × 157.1    = 439 W
```

Baada ya mtambo kuzunguka karibu saa nzima, mizani ilitulia kwenye kilo 1.42. Hiyo ni 13.93 N, mara 0.2 m, sawa na 2.79 N·m. Pawa yake ni wati 438. Hesabu 439, kipimo 438! Nilifurahi mno. Nikapeleka karatasi kwa msimamizi wangu, akaiangalia kidogo tu, akaandika pembeni "878", akaondoka. Sasa mimi niamini karatasi yake au mizani yangu?

---

FundiMkongwe aliandika:

Kijana, umeruka hatua muhimu. Mzigo uko wapi? Msuguano wowote ni μ mara mzigo unaokandamiza. Mimi nimefanya kazi na bushi miaka mingi, na shafti isiyo na mzigo haipotezi kitu cha maana. Hiyo 0.059 unayoiita mnato ndiyo μ yenyewe, ilitakiwa uizidishe na uzito wa shafti, sio na kasi. Tupe uzito wa shafti tukukokotolee.

---

Mkerezaji_Mpya aliandika:

Shikamoo mzee. Ila shafti imesimama wima, uzito wake wote umebebwa na beringi ya chini. Bushi haibebi chochote, na bado mizani inasoma kilo 1.42. Nikizima mota inarudi sifuri.

---

Nuru_Mwanya aliandika:

Mzee FundiMkongwe, shikamoo. Hapo kuna herufi moja inayobeba vitu viwili. Kwenye msuguano wa chuma kukwaruza chuma, μ ni namba tupu isiyo na kipimo, na kweli unaizidisha na mzigo. Kwenye oili, μ ni mnato, una vipimo vyake, na kinachouzalisha mvuto sio mzigo bali ni tofauti ya kasi ndani ya oili. Tabaka la oili lililogusa shafti linakwenda nayo kwa mita 6.28 kwa sekunde. Lililogusa bushi limesimama. Kati yao oili inakatwa tabaka juu ya tabaka kama karata unazozisukuma kwa kiganja, na kila tabaka linamvuta jirani yake. Ndiyo maana mizani inasoma kitu hata bila mzigo. Mhandisi Mrusi Nikolai Petrov aliandika hesabu hii mwaka 1883, na ndani yake hakuna mzigo hata mahali pamoja.

Mkerezaji, sasa tuje kwako. Njia yako ni sahihi, hatua zako zimepangika vizuri. Kosa ni moja: umegawanya kwa 0.16 mm. Hiyo ni tofauti ya vipenyo. Shafti ikiwa katikati, nafasi hiyo inagawanyika pande mbili, 0.08 upande huu na 0.08 upande ule. Oili inayokatwa mahali popote kwenye mzingo ina unene wa 0.08 mm tu. Chora duara moja ndani ya jingine uweke kidole kwenye mwanya, utaona kidole kinagusa upande mmoja, sio pande zote mbili. Mwanya ukiwa nusu, mkazo unakuwa maradufu, kani maradufu, torki maradufu, pawa maradufu. 439 inakuwa 878. Msimamizi wako hakukosea.

Ukitaka uone kila kitu mahali pamoja:

```
T = 2π μ ω R³ L / c
P = T ω
c = (80.16 − 80.00)/2 = 0.08 mm
```

Ila usiitupe mizani yako bado. Nijibu jambo moja kwanza: ulipoandika kilo 1.42, bushi ilikuwa na joto gani?

---

Kipenyo_Tu aliandika:

Angalia pia hiyo R ina kipeo cha tatu. Nimeona watu wanaweka kipenyo badala ya nusu kipenyo, jibu linatoka mara nane. Wewe umepona hapo.

---

Mkerezaji_Mpya aliandika:

Dada Nuru, asante sana, la mwanya nimelielewa na nimeona aibu kidogo. Nimerudia, nimepata 5.59 N·m na wati 878 kama alivyoandika msimamizi.

Lakini sasa ndio nimechanganyikiwa zaidi. Hesabu ni 878 na mizani inasema 438. Ni nusu kamili! Mizani nimeikagua kwa jiwe la kilo moja, iko sawa. Mkono nimeupima upya, ni 200 mm kutoka katikati ya shafti.

Joto: bushi ilikuwa nyuzi 55, nilichomeka kipima joto kwenye kitundu karibu na ukingo wa chini. Kuna jambo lingine sikuliandika mwanzo kwa sababu nililiona kama hitilafu. Nikiwasha tu asubuhi, chumba kikiwa nyuzi kama 25, mizani inaruka juu ya kilo 6, halafu inaanguka mbele ya macho yangu. Dakika ya kwanza inashuka haraka sana, kisha polepole, mpaka inatulia kwenye 1.42.

---

Nuru_Mwanya aliandika:

Hiyo sio hitilafu. Kuanguka kwa mizani ndilo jibu lako, na nakusihi usiache tena kuandika kitu kama hicho.

VG 68 maana yake ni sentistoki 68, lakini kwenye nyuzi 40 tu. Oili yako haikuwa nyuzi 40 asubuhi wala haikuwa nyuzi 40 ulipoandika kipimo. Kwa oili ya kawaida ya madini ya daraja hilo, nyuzi 25 inakupa kama sentistoki 156, na nyuzi 55 inakupa kama 35. Nyuzi 30 tu, mnato umeshuka zaidi ya mara nne. Karatasi ya mtengenezaji ikikupa mnato wa nyuzi 40 na wa nyuzi 100, unaweza kuchora mchoro na kusoma katikati, ila usipige mstari ulionyooka kati ya namba hizo mbili, maana mnato unaporomoka kwa kasi mwanzoni kisha unapunguza mwendo.

Usisahau pia kugeuza sentistoki kuwa paskali-sekunde: zidisha na msongamano wa oili kwenye joto hilohilo, kisha gawanya kwa milioni. Kwa nyuzi 55 chukua kilo 860 kwa mita ya ujazo:

```
35 × 860 / 1 000 000 = 0.030 Pa·s
P = 878 × 0.030 / 0.059 ≈ 446 W
```

Wati 446 kwa hesabu, 438 kwa mizani. Sasa jaribu asubuhi: sentistoki 156 ni kama 0.137 Pa·s. Torki inatoka karibu 13 N·m, na kwenye mkono wa 200 mm hiyo ni kilo 6.6. Si ndiyo "juu ya kilo 6" uliyoiona?

Kwa hiyo ulikuwa na makosa mawili. La mwanya lilikupunguzia jibu nusu. La joto lilikuongezea jibu maradufu. Yakafutana, yakakupa 439. Laiti ungesoma mizani dakika kumi mapema, usingelingana na chochote na ungelitafuta kosa mwenyewe.

---

Boti_na_Pampu aliandika:

Naomba niingilie na yangu, maana nasoma hapa roho inaniuma.

Nilikereza bushi ya pampu, shafti ya 50 mm, nikaacha 0.04 mm jumla kwa kipenyo. Niliamini kadiri inavyobana ndivyo kazi inavyokuwa nzuri. Nilikuwa naangalia ampea za mota. Zilianza juu, zikashuka kama anavyosema huyu kijana, nikaona mambo mazuri. Baada ya kama dakika kumi zikasimama, halafu zikaanza kupanda tena taratibu. Nikadhani ni umeme. Mara ikalia mlio mkali, shafti ikashika. Nilipoifungua, bushi ilikuwa na mkanda unaong'aa ndani na shafti imepiga rangi ya bluu mahali palepale. Oili ilikuwepo, tena ya kutosha, sio kwamba ilikauka.

Hadi leo sikujua kwa nini ampea zipande tena ilhali oili imeshapata moto na kuwa nyepesi.

---

Nuru_Mwanya aliandika:

Pole sana kaka Boti. Angalia kwenye kanuni, mnato uko juu na mwanya uko chini. Joto linapunguza mnato, na hilo linashusha pawa. Lakini joto linapunguza na mwanya, na hilo linaipandisha. Mwanzoni mnato unashinda. Kwako mwisho mwanya ukashinda.

Bushi inatoa joto kwa nje, ila shafti haina pa kulitolea, kwa hiyo mara nyingi shafti inakuwa na joto zaidi. Chuma kinatanuka kama mikromita 12 kwa kila mita kwa kila nyuzi. Shafti yako ya 50 mm ikizidi bushi kwa nyuzi 30, imenenepa 0.018 mm. Wewe ulikuwa na 0.04 tu, karibu nusu imeliwa. Na kama bushi ilikuwa imepigwa ndani ya nyumba nene ya chuma, nayo haikuweza kutanuka nje, ikatanukia ndani. Mwanya ukipungua nusu, pawa inapanda maradufu, joto linaongezeka, mwanya unapungua tena. Ikishaingia kwenye mzunguko huo haitoki yenyewe.

Kwa Mkerezaji, nyuzi 30 zingekula 0.029 kati ya 0.16. Inasikika kwenye kipimo, lakini haiui mtambo. Dalili uliyoitaja ndiyo ya kuikumbuka: torki au ampea zikishuka kisha zikaanza kupanda bila kasi kubadilika, zima.

---

Boti_na_Pampu aliandika:

Ningezima zilipoanza kupanda shafti ingekuwepo mpaka leo. Asante dada. Nikikereza nyingine naacha 0.10.

---

FundiMkongwe aliandika:

Nimesoma nikarudia. Nakubali, la μ nilichanganya. Lakini sikubali kwamba mzigo hauna neno kabisa. Shafti iliyolala na yenye puli inayovuta upande, nimeona mwenyewe inakula upande mmoja wa bushi. Oili upande ule ni nyembamba. Mkichukua mwanya wa 0.08 pande zote mnajidanganya.

---

Nuru_Mwanya aliandika:

Mzee wangu, hapo uko sahihi, na ni jambo ambalo kanuni ya Petrov hailioni. Inachukulia shafti iko katikati kabisa. Shafti ikisogea pembeni, upande mwembamba unaongeza mvuto zaidi ya upande mnene unavyoupunguza, kwa hiyo jumla inapanda. Ikisogea nusu ya mwanya, kwa Mkerezaji ni 0.04 mm, mvuto wa kukatwa oili peke yake unapanda kama asilimia 15, na shinikizo linalojijenga kwenye oili ili libebe mzigo linaongeza lake juu ya hapo. Ikisogea robo, ongezeko ni dogo. Kwa bushi iliyolala na yenye mzigo mzito, jibu la Petrov ni kiwango cha chini, pawa halisi itakuwa juu yake.

Mtambo wa kijana umesimama wima na bushi inaelea, ndiyo maana nimemwacha aitumie bila hofu.

---

Hesabu_Kwanza aliandika:

Samahani, mimi sijashawishika na nyuzi 55. Oili inaingia baridi na inatoka moto, na joto la oili ndilo linaloamua mnato, sio joto la chuma cha bushi. Mkerezaji, oili inaingia na nyuzi ngapi na inatoka na ngapi? Ukichukua wastani wa hizo mbili nadhani mtapata jibu tofauti kabisa.

---

Mkerezaji_Mpya aliandika:

Inaingia 26, inatoka 56. Nimepima pia mtiririko kwa jagi lenye mistari, ni mililita 440 kwa dakika.

---

Hesabu_Kwanza aliandika:

Basi wastani ni 41. Kwa nyuzi 41 pawa ni karibu wati 840. Mizani inasema 438. Kwa hiyo ama mizani inadanganya, ama mwanya sio 0.08. Hizo namba za dada Nuru zimelingana kwa sababu joto limechaguliwa ili zilingane.

---

Nuru_Mwanya aliandika:

Ni shaka ya haki, na nzuri ni kwamba mtiririko aliotupa unaweza kuikata bila mizani na bila mnato.

Pawa yote inayopotea inageuka joto, na sehemu kubwa inabebwa na oili. Mililita 440 kwa dakika ni kama gramu 6.4 kwa sekunde. Kila gramu inahitaji karibu joule 1.95 kupanda nyuzi moja, na imepanda nyuzi 30:

```
6.4 × 1.95 × 30 ≈ 374 W
```

Oili imeondoka na wati 374. Kama pawa ni 438, zimebaki 64 za kupita kwenye chuma kwenda hewani, na hiyo inaingia akilini kwa bushi ya nyuzi 55. Kama pawa ingekuwa 840, hewa ingetakiwa kubeba wati zaidi ya 450 kutoka kwenye kibushi cha urefu wa 120 mm bila feni. Haibebeki.

Kwa nini wastani wa 41 haufai? Fikiria oili inakaa muda gani mle ndani. Mwanya wote una mililita 2.4 tu, na zinapita 7.3 kwa sekunde, kwa hiyo kila tone linakaa kama theluthi moja ya sekunde. Inaonekana haraka, lakini oili ni nyembamba mno. Joto la chuma linahitaji kama sekunde 0.01 kupenya unene wa 0.08 mm. Oili ikiingia tu kwenye mwanya, haijaenda mbali, imeshashika joto la chuma, na safari yote iliyobaki inakatwa ikiwa na joto hilo. Wastani wa kuingia na kutoka ungefaa kama joto lingepanda kidogokidogo njia nzima.

---

Hesabu_Kwanza aliandika:

La wati 374 nimelikubali, siwezi kupinga jagi. Pawa sio 840.

Lakini kipima joto kimechomekwa karibu na ukingo wa chini, mahali oili inapotokea. Katikati, pale inapoingia ikiwa na nyuzi 26, bronzi yenyewe inaweza kuwa 48 au 50. Kwa nyuzi 50 hesabu inatoa wati 550. Kwa hiyo kulingana kwa 446 na 438 kunaweza kuwa bahati ya pili baada ya ile ya kwanza.

---

Nuru_Mwanya aliandika:

Kunaweza. Sina cha kukujibu mpaka bushi ipimwe katikati.

---

Kipenyo_Tu aliandika:

Nyie wapimeni joto, mimi nina swali jepesi. Kanuni inasema P inakwenda na ω kwa kipeo cha pili. Mkerezaji akiongeza kasi mpaka 3000 pawa itakuwa mara nne, si ndiyo? Yaani kama 1750. Mota inaweza kubeba?

---

Mkerezaji_Mpya aliandika:

Mota inaweza. Kesho najaribu.

---

Mkerezaji_Mpya aliandika (siku iliyofuata):

Wakuu, nimejaribu, na nimerudia mara mbili kwa sababu sikuamini.

Nilianza na 1500 mpaka ikatulia, kilo 1.42 kama jana. Nikapandisha hadi 3000. Mizani iliruka hadi kama 2.8, ikakaa hapo sekunde chache tu, kisha ikaanza kushuka. Nilikaa nayo dakika arobaini. Imetulia kwenye kilo 1.25. Yaani kasi imekuwa maradufu na torki imekuwa CHINI ya ile ya kasi ndogo. Bushi sasa iko nyuzi 77.

Pawa: 1.25 × 9.81 × 0.2 = 2.45 N·m, mara 314.2, ni wati 770. Hata mara mbili ya 438 haijafika.

---

Kipenyo_Tu aliandika:

Nimepotea. Kanuni imevunjika?

---

Nuru_Mwanya aliandika:

Haijavunjika, na aliyetuonyesha ni Mkerezaji mwenyewe aliposema iliruka hadi 2.8. Sekunde zile za kwanza oili ilikuwa bado na joto la zamani, mnato uleule, kwa hiyo torki ilikwenda maradufu, kutoka 1.42 hadi 2.84, na pawa mara nne, karibu wati 1750 kama ulivyosema. Ulikuwa sahihi kwa sekunde chache. Kisha wati zile zikapasha chuma, mnato ukashuka, pawa ikashuka nao, mpaka joto linalozalishwa likawa sawa na linaloondoka.

Kwa hiyo joto haliwi kitu unachokisoma kwenye karatasi na kukiweka ndani ya kanuni. Unakisia joto, unatafuta mnato, unapata pawa. Kisha unauliza pawa hiyo ingepasha bushi hadi nyuzi ngapi. Zikitofautiana, unakisia tena. Kwa mtambo huu, 1500 ilikupa wati 438 kwa nyuzi 29 juu ya oili inayoingia, yaani kama wati 15 kwa kila nyuzi. Ukitumia 15 hiyo kwa 3000, makisio yanakutana karibu na nyuzi 78 na wati 780. Wewe umepata 77 na 770.

Njia nyingine ni kuchukua nyuzi 77 ulizozipima na kuweka mnato wake moja kwa moja, kama 0.0136 Pa·s. Hapo inatoka 810. Kipimo kiko asilimia 5 chini, na hiyo asilimia 5 naona inatoka ndani ya oili yenyewe. Katikati ya unene wake oili ina moto kidogo kuliko chuma kilichoibana, kwa kasi hii wastani wake ni kama nyuzi moja na nusu zaidi. Mnato hapo unapungua kama asilimia 3 kwa kila nyuzi.

---

Boti_na_Pampu aliandika:

Na shafti kunenepa? Hiyo si ingepandisha torki badala ya kuishusha?

---

Nuru_Mwanya aliandika:

Ingepandisha, ndiyo. Kwa hiyo ama shafti yake haijazidi bushi sana, ama kuna kitu kingine kinachoshusha ambacho sijakiona. Bushi yake inaelea na bronzi inatanuka zaidi ya chuma, hilo linamsaidia. Joto la shafti inayozunguka hatuna.

---

Hesabu_Kwanza aliandika:

Au mwanya haujai oili sawasawa. Kwa 3000, oili ikiwa nyepesi hivyo na pampu ni ileile, kunaweza kuwa na hewa kwenye kingo. Eneo likipungua asilimia 5, torki inapungua asilimia 5.

---

FundiMkongwe aliandika:

Kijana, angalia oili inapotokea juu. Ikiwa na povu, yule bwana yuko sahihi. Ikitoka safi kama inavyoingia, dada yuko sahihi. Huhitaji kifaa.

---

Mkerezaji_Mpya aliandika:

Nimeangalia sasa hivi mzee. Chini inatoka safi. Juu kuna povu kidogo, mstari mwembamba kwenye ukingo, unakuja na kupotea. Kwa 1500 haupo.

Jumatatu natoboa vitundu vitatu kwenye bushi, juu, katikati na chini, mpaka nibakize milimita 2 kufikia uso wa ndani, na nitaongeza mtiririko wa pampu nione kama mizani itapanda. Nitaleta namba zote, na za asubuhi pia.

---

Hesabu_Kwanza aliandika:

Ukiongeza mtiririko bushi itapoa, na torki itapanda kwa sababu hiyo peke yake. Soma joto la katikati kila unaposoma mizani, la sivyo hatutajua ni povu au ni mnato.